Tupeane uzoefu: mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa hubaki na kiasi gani kwa mwezi?

Mwana-Isevya, Tabora
Ndugu zangu, naomba wanaofundisha vyuoni kwa muda waeleze kiasi wanachobaki nacho kwa mwezi, baada ya kujumlisha vipindi, usahihishaji na usimamizi wa tafiti. Naanza na muhula wangu uliopita, katika chuo kimoja cha hapa Tabora.

Mkataba ulikuwa wa saa 6 kwa wiki, kwa wiki 15, kila saa shilingi 15,000. Kwa hesabu ya harakaharaka niliona shilingi 360,000 kila mwezi, na kwa kutegemea fedha hizo nikamwahidi mwenye nyumba kodi yake. Kati ya saa 90 nililipwa 84. Saa 2 ziliangukia sikukuu na hazikufidiwa. Saa 4 nilizifundisha, lakini kiongozi wa darasa hakuwa ametia saini kwenye fomu ya mahudhurio, na mhasibu akazikata mbele yangu kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja kwa kila kipindi. Zikabaki shilingi 1,260,000. Vijitabu vya mtihani vilikuwa 182, kila kimoja shilingi 1,500, yaani 273,000, na kati ya wanafunzi 5 niliowasimamia, 3 waliwasilisha ripoti, nikapata 50,000 kwa kila mmoja. Jumla ilifika 1,683,000, ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, nikapokea 1,598,850. Tangu kipindi cha kwanza hadi muhula uliofuata kuanza ilipita miezi 6, kwa hiyo nagawanya kwa 6: shilingi 266,475 kwa mwezi.

Kijana wa Mwanga, Kigoma
Kaka, shikamoo. Mimi ningegawanya kwa miezi 4 ya kufundisha, maana miezi mingine unaruhusiwa kutafuta kazi nyingine. Tena usahihishaji ndio wenye faida, kwa kuwa unaufanyia nyumbani na vijitabu vikiwa vingi fedha huongezeka.

Mwana-Isevya
Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu miezi una hoja, ila mwenye nyumba wangu hudai yote 6. Kuhusu vijitabu, nilipima kwa saa ya ukutani: kila kimoja kilinichukua dakika 10, yaani saa 30 hivi kwa vyote, ambazo ni shilingi 9,000 kwa saa, chini kabisa ya malipo ya darasani. Na majaribio ya katikati ya muhula nilisahihisha bila malipo yoyote.

Mama wa Kasulu
Habari zenu. Kwangu usimamizi ndio uliolipa vizuri, kwa sababu nilipewa posho ya kila siku pamoja na nauli nilipokuwa nikizunguka shuleni kuwaona walimu wanafunzi wakifundisha.

Mhasibu wa Chuo
Mama, hayo ni mazoezi ya kufundisha, na hulipwa kama safari ya kikazi. Mwenzetu anazungumzia tafiti. Niwaeleze jambo moja kutoka upande wa dirisha letu. Fomu ya madai huja kwangu ikiwa imesainiwa na mkuu wa idara, nami hulinganisha kila saa na ratiba pamoja na mahudhurio. Saini ya kiongozi wa darasa ikikosekana, sina cha kumwonyesha mkaguzi. Pateni saini kabla wanafunzi hawajatoka darasani, na pigeni picha ya fomu hiyo kila wiki. Malipo ya kusahihisha, pale ninapofanya kazi, hayaandaliwi mpaka matokeo yapitishwe, na ndiyo maana huchelewa kuliko ya vipindi.

Mwalimu, Tabora
Mimi ni mwajiriwa wa serikali, nafundisha chuoni jioni. Wamenikata asilimia 30, si 5. Je, nimedhulumiwa?

Mhasibu wa Chuo
Si lazima. Chuo kikikuingiza kwenye orodha ya mishahara, ilhali ajira yako kuu iko kwingine, ajira ya pili hukatwa asilimia 30. Kikikuhesabu kuwa mtoa huduma, hukatwa zuio la asilimia 5, nawe udai cheti cha zuio ili uonyeshe unapowasilisha ritani ya kodi. Tazama mkataba wako umekuita nani.

Mwalimu, Tabora
Mkataba unaniita mtoa huduma, lakini hati ya malipo inasema mshahara.

Mhasibu wa Chuo
Hapo, mwalimu, siwezi kuamua bila kuviona vyote viwili. Nenda navyo ofisi ya TRA ukawaulize.

Mwana-Isevya
Nimebakiwa na wale wanafunzi 2 ambao hawajawasilisha. Sura za mmoja wao nimezisoma mara 3, kisha akaahirisha masomo. Yupo aliyewahi kulipwa sehemu?

Mama wa Kasulu
Samahani kwa kuchanganya mambo hapo awali. Tafiti nazo nimesimamia, na nililipwa nusu pendekezo la utafiti lilipopitishwa na nusu ripoti ilipokamilika, kwa sababu mkataba wangu uliandikwa hivyo tangu mwanzo. Wa kwako unasemaje?

Mwana-Isevya
Unasema "baada ya kuwasilisha ripoti", basi. Wa muhula ujao sijausaini bado. Kesho nitampelekea mkuu wa idara ombi la kugawanya malipo hayo mara mbili.