Nimerekodi skrini dakika 52, sauti hakuna hata chembe. Huu ni utani gani?

Mwl_Lenzi:
Wakuu, hapa nilipo nina hasira. Nafundisha Fizikia kidato cha nne, na jioni nafanya marudio na vijana kwa simu ya video ya kundi. Jumanne wawili walikuwa msibani, nikawaahidi kuwarekodia. Nikashusha menyu ya juu, nikagusa Screen record, nikachagua `Device audio`, nikafundisha lenzi mpaka koo likakauka. Kufungua faili: picha safi kabisa, miale imechorwa vizuri, midomo yangu inacheza kama ya samaki. Bubu tangu mwanzo hadi mwisho!

Jumatano nikapakua app nyingine ya kurekodi. Hiyo haikuanza kabisa. Nikigonga `Start now` hakiitiki, ila `Cancel` kinaitika mara moja. Simu ni Android 13, si ya mwaka arobaini na saba. Nani anatufanyia hivi?

Mzee wa Betri:
Mwalimu, kosa ni lako. Usichague sauti ya kifaa, chagua `Microphone`, weka simu lauspika, maiki itanasa kila kitu. Mimi narekodi mpira hivyo kila wiki.

Mwl_Lenzi:
Nimejaribu leo na mdogo wangu chumba cha pili. Bubu tena. Haya, kosa ni langu vipi?

Fundi wa Kota:
Mzee wa Betri yuko sahihi kwa mpira, kwa simu hapana. Kabla ya Android 10 ya mwaka 2019, app ya kawaida ya kurekodi haikuruhusiwa kabisa kuchukua sauti ya ndani, watu walikuwa wanategemea maiki tu. Toleo hilo likafungua mlango nusu: sauti ya muziki, video na gemu inachukulika, lakini mazungumzo ya simu, hata yanayopita kwenye intaneti, hayachukuliki. Mwalimu, somo lako kwa simu yako si video. Ni mazungumzo. Ndiyo maana `Device audio` ilileta ukimya.

Halafu maiki. App ya simu ikishaishika kwa maongezi, app nyingine inayoiomba haiambiwi "hapana", inapewa kimya. Kirekodi kinaandika kimya hicho kwa uaminifu dakika zote 52, bila onyo. Hapo nakubaliana na hasira yako, wangeweka hata kaujumbe kamoja.

Hata video za kawaida, mwenye app anaweza kuzifunga kwa mstari mmoja tu:

```
android:allowAudioPlaybackCapture="false"
```

Pima hivi: kata simu, cheza wimbo uliohifadhi mwenyewe, rekodi sekunde kumi kwa `Device audio`. Ukisikika, simu yako nzima haina ubaya.

Dada Aifoni:
Jamani na mimi, yangu ni aifoni, jana ilikataa kurekodi kabisa. Nilikuwa nimeirusha kwenye TV tunatazama harusi ya binamu. Sasa hiyo nayo ni mazungumzo?

Fundi wa Kota:
Hapana dada, hiyo ni kesi nyingine. Aifoni haikubali kurusha skrini kwenye TV na kuirekodi kwa wakati mmoja. Katisha TV kwanza. Na ukitaka sauti yako iingie, kitufe cha kurekodi usikiguse tu, kibonyeze ukishikilie mpaka alama ya maiki itokee, uiwashe.

Mwalimu, hiyo ya `Start now` kugoma huku `Cancel` inafanya kazi: una app inayopaka skrini rangi ya njano usiku, au kiputo kinachoelea?

Mwl_Lenzi:
Ninayo ya njano, macho yananisumbua. Inahusiana nini?

Fundi wa Kota:
Inafunika skrini nzima. Android ikiona kitu kimelala juu ya kitufe cha ruhusa inapuuza mguso wako, isije app ya kihuni ikakuwekea picha ya uongo ukakubali usichokijua. Izime, kisha ujaribu.

Mwl_Lenzi:
Nimeizima. `Start now` imeitika mguso wa kwanza! Wimbo nao umesikika vizuri. Sasa somo langu nalirekodije?

Fundi wa Kota:
Rekodi peke yako, bila simu hewani: fungua ubao kwenye skrini, chagua `Microphone`, ongea, kisha watumie faili. Ukitaka na maswali ya wanafunzi, azima simu ya pili, iweke pembeni ya lauspika na kinasa sauti cha kawaida. Sauti itakuwa na mwangwi kidogo.

Kijana_wa_Gemu:
Mbona simu yangu inarekodi simu za video pande zote mbili, kwa kirekodi kilichokuja nayo?

Fundi wa Kota:
Kirekodi cha kiwandani mtengenezaji anaweza kukipa ruhusa ambazo app ya kupakua haipati. Yako ni toleo gani?

Mzee wa Betri:
Mimi bado nasema lauspika.

Mwl_Lenzi:
Mzee, njoo uniazime simu basi. Kesho saa mbili usiku, vioo vya mbinuko.