Wakuu, nepi za kufua au pampasi? Hesabu ya miaka miwili inanichanganya

Baba Kijacho: Habari za jioni wakuu. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, mtoto wa kwanza. Tunaishi Dar, chumba na sebule. Nimepita maduka matatu nikiulizia pampasi mpaka kichwa kinauma. Kuna dada anauza zile nepi za kisasa za kufua, za mfuko, zenye vifungo na pedi ya kuchomeka ndani, anasema ukinunua mara moja umemaliza mpaka mtoto anaacha kukojoa kitandani. Je, kwa miaka miwili ipi nafuu? Naomba majibu ya watu waliotumia, sio ya kusikia.

Mzee Kipara: Sisi tumelelewa na vipande vya kanga na tumekuwa wanaume kamili. Kijana, pampasi ni uvivu uliofungwa kwenye plastiki.

Mama Watatu: Mzee Kipara, ulizifua wewe hizo kanga au uliziona kwenye kamba zimeshakauka?

Mzee Kipara: Hilo swali halihusiani na mada.

Binti Makorora: Mimi baba yangu alipooza, tunatumia za wazee. Pakiti haimalizi wiki. Tulijaribu kumtandikia shuka kuukuu juu ya mpira, tukashindwa kwa sababu ya harufu na vidonda mgongoni. Ushauri wangu nunua za jumla Kariakoo, mgawane na jirani.

Baba Kijacho: Pole sana dada, ila mimi nauliza za mtoto mchanga.

Mama Watatu: Baba Kijacho, nimelea watatu, wawili kwa nepi za mfuko. Kabla sijakupa hesabu nijibu mambo mawili. Maji mnapata wapi, na nani atafua?

Baba Kijacho: Maji yapo ya kutosha, hayo sio tatizo. Naomba tujikite kwenye bei.

Mama Watatu: Bei ndiyo hiyo hiyo ninayokuuliza. Maji gani?

Dobi Mstaafu: Hakuna haja ya mahojiano. Nepi zote unazichemsha kwenye sufuria kubwa na jiki kidogo, unaanika juani, unapiga pasi pande zote. Hakuna kijidudu kitakachobaki. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote.

Mama Watatu: Kwa nepi za pamba tupu, zile nyeupe za pini, Dobi yuko sawa kuchemsha na kupasi. Kwa za mfuko atakuharibia mali. Ule upande wa nje una plastiki nyembamba iliyogandishwa kwenye kitambaa ili mkojo usipite. Ukichemsha inaachana na kitambaa, unaanza kuona vimalengelenge kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na hapo nepi imekwisha. Jiki inakula mpira wa mapajani. Zangu alizokuwa anazilowekea jiki msaidizi wangu zililegea kabla mtoto wa pili hajaanza kutembea, zile nilizofua mwenyewe zikamfikia wa tatu.

Dobi Mstaafu: Basi hiyo sio nguo. Nguo isiyopigwa pasi ni hatari kwa mtoto. Kuna inzi wanataga mayai kwenye nguo mbichi, mtoto anatoka majipu, ukiminya anatoka funza. Nimeyaona kwa macho yangu.

Mama Watatu: Hapo nakuunga mkono kabisa. Ndiyo maana pedi za pamba za ndani napiga pasi ya moto mpaka kwenye mishono, halafu ule mfuko wa nje naukausha ndani ya chandarua. Majani na uzio sianikii kamwe. Baba Kijacho bado sijasikia maji.

Baba Kijacho: Sawa. Ni kisima cha mwenye nyumba. Dumu shilingi 100. Yana chumvi kidogo lakini tunaogea, tunafulia, hatujawahi kuumwa. Ya Dawasa yanaletwa na mkokoteni, dumu 500, tunapikia.

Mama Watatu: Hicho ndicho ulichotakiwa kuanza nacho. Birika lenu lina ukoko mweupe chini?

Baba Kijacho: Upo. Lakini nasisitiza, nguo zetu zinatakata.

Mama Watatu: Shati likibaki na mabaki ya sabuni hakuna atakayejua, nepi itakuumbua. Sabuni ya mche kwenye maji ya namna hiyo haitoi povu, inagandana na chumvi na chokaa, halafu yale mabaki yanaingia kwenye uzi. Pedi inakauka ngumu kama dagaa na haifyonzi tena. Mkojo unapita pembeni, mama anadhani nepi ni mbovu, anaongeza sabuni, mambo yanazidi. Baadaye inaanza harufu kali inayochoma macho asubuhi, na mtoto anatoka vipele.

Kujua ni rahisi. Chukua pedi iliyokauka, dondoshea maji kijiko kimoja. Yakizama mara moja, salama. Yakisimama juu kama umande kwenye jani la yungiyungi, ina mabaki, au mmempaka mtoto mafuta ya mgando mengi, maana nayo yanafanya hivyo hivyo, sawa na dawa za kulainishia nguo.

Mtu wa Kisauni: Huku kwetu Mombasa ni hivyo hivyo. Maji ya kisima ni chumvi, ya mfereji yaja yakipenda. Bibi yangu alianza na hizo nepi za vifungo, mwezi wa tatu akanambia nichague, nepi ama yeye. Nilichagua yeye, lakini bado nalipia pampasi.

Mpiga Hesabu: Ngoja niweke namba, mtanirekebisha.

Pampasi kwanza. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto anatumia kama 9 kwa siku, hiyo ni 810. Mpaka mwaka mmoja tuseme 6 kwa siku, ni 1,650. Mwaka wa pili 5 kwa siku, ni 1,825. Bei nimeweka 350 kwa zile ndogo, 400 za kati, 500 za wakubwa. Jumla inakuja kama 1,856,000.

Nepi sasa. Nepi 24 kwa 13,000 ni 312,000. Kufua kila baada ya siku mbili ni mara 365. Kila mara madumu matatu ya kisima na moja la Dawasa la kusuuzia mwisho, shilingi 800, jumla 292,000. Sabuni ya unga kilo mbili kwa mwezi, kila kilo 4,000, ni 192,000. Usiku wengi wanaweka pampasi moja ili walale, 730 kwa 450, kama 328,500. Jumla 1,124,500.

Tofauti ni kama 730,000. Kwa mwezi ni elfu thelathini na kidogo.

Mama Watatu: Hesabu nzuri, ila umesahau mikono. Baba Kijacho, nani atafua?

Baba Kijacho: Asante sana Mpiga Hesabu, ndicho nilichokuwa nataka. Kuhusu kufua, likizo ya mke wangu ni zile siku 84 halafu anarudi kazini. Tutaleta dada.

Mama Watatu: Dada wa kulea mtoto, kupika, na nepi kumi na nane kila baada ya siku mbili kwa maji ya chumvi? Umwongeze elfu thelathini kwa mwezi kwa kazi hiyo, ambayo ni haki yake, na faida yako imekwisha. Usipomwongeza atakachofanya nakijua. Atazilundika kwenye ndoo mpaka siku ya nne.

Mzee Kipara: Na wewe baba mtu, mikono yako ina kazi gani?

Baba Kijacho: Natoka kazini saa mbili usiku mzee. Halafu niwe mkweli, nimeshalipia zote 24. Punguzo lilikuwa linaisha Jumapili. Kwa hiyo naomba mnisaidie kuzifanya zifanye kazi, sio kunivunja moyo.

Kachero wa Goba: Nimekaa kimya nasoma. Kwanza ulikuwa unauliza ipi nafuu, sasa umeshalipia. Tena nimepitia nyuzi zako. Mwezi wa pili ulikuwa unatafuta gheto la "bachela asiye na majukumu". Leo mimba miezi minane? Huyu ni muuzaji wa nepi, anatengeneza uzi ili tumtajie faida, kesho anaweka namba ya simu.

Mtu wa Kisauni: Haya sasa!

Baba Kijacho: Chumba kile kilikuwa cha mdogo wangu. Na muuzaji gani anayekubali kuandikiwa kwamba bidhaa yake inagonga mwamba kwenye maji ya chumvi?

Kachero wa Goba: Kila mtu hapa ana mdogo wake. Weka picha ya risiti.

Mzee Kipara: Au picha ya kamba ya kuanikia. Risiti inaghushiwa, kamba ya wapangaji wanne haighushiki.

Binti Makorora: Hata kama ni muuzaji, mimi nimejifunza kuhusu mafuta ya mgando. Kumbe ndiyo maana vitambaa vya baba vilikuwa vinakataa maji.

Mama Watatu: Mimi siwindi mtu. Kama nepi zipo kweli, fanya hivi. Wiki za mwanzo usimvalishe, kichanga wa kilo tatu zinampwaya mapajani, kinyesi kinavuja mpaka mgongoni. Tumia pampasi ndogo au zile za pamba za pini, zinafuliwa kirahisi na kukauka haraka. Akifika kilo tano hivi anza za mfuko. Kinyesi kidondoshe chooni, suuza kwa maji ya baridi papo hapo, maana ya moto yanagandisha doa. Weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, usiloweke, wala zisipitishe siku mbili. Fua kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, achana na mche. Sukuma kwa mikono mpaka mkono uchoke, suuza mara mbili kwa kisima, ya mwisho kwa Dawasa. Doa la njano liachie jua.

Dobi Mstaafu: Na masika?

Mama Watatu: Masika ndiyo shida hasa. Pedi nene inakaa siku mbili ina unyevu katikati, na 24 zinaonekana kumi. Mimi niliongeza pedi za pamba nyembamba za kukunja, nikazikausha kwa pasi. Umeme sikuuhesabu.

Mpiga Hesabu: Sijauweka na mimi. Na kama mtapata mtoto wa pili, ile 312,000 inagawanyika, kama mpira wa mapajani utakuwa bado mzima.

Baba Kijacho: Nimejaribu kijiko leo kwenye taulo la jikoni tunalofua kwa mche. Maji yamesimama. Nimempigia yule dada, anakubali kurudisha hela ya nepi 10 kama bado ziko kwenye nailoni. Mke wangu anasema zirudi zote, mimi nasema zibaki 14 za mchana. Bado tunavutana.

Kachero wa Goba: Picha mkuu. Hata moja.