UZI WA MALALAMIKO: Acheni kubandika "2026" kwenye kurasa ambazo hamjazigusa!

MwangaUjiji:
Wakuu, hii imezidi. Mtu wa Kigoma anatafuta Google nauli ya treni kwenda Tabora, kila kichwa cha ukurasa kinajinadi 2026, akifungua anakuta nauli za zamani. Anarudi kwenye matokeo hapohapo. Mwenye ukurasa kagusa tarakimu tu, mwili kauacha vilevile.

Mwaka unavuta watu pale jibu linapobadilika: nauli, ratiba, sifa za kujiunga na chuo. Huko msomaji mwenyewe anauandika mwaka anapotafuta. Sasa "Historia ya MV Liemba 2026" ni ya nini? Meli iliundwa Ujerumani mwaka 1913! Hiyo 2026 inakula nafasi bure, na kichwa kirefu kinakatwa.

Anzeni na nauli zenyewe, ndipo mbadilishe kichwa cha kwenye matokeo na kile cha juu ya ukurasa, yaani `<title>` na `<h1>` kwa pamoja. `<title>` ikisema 2026 na `<h1>` ikabaki 2024, Google inaweza kuonyesha ya `<h1>`, mkabaki mnalalamika.

Reli_ya_Kati:
Unakuza mambo, mkuu. Ukurasa wetu wa nauli ulikuwa na CTR, yaani sehemu ya wanaouona kwenye matokeo wakabofya, ya 3%, tulipoweka mwaka ikafika 5%. Mwaka unafanya kazi, uweke kila mahali.

MwangaUjiji:
Position ilikuwa ngapi kabla, na ngapi baada? Fungua Search Console ya Google, linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada, chuja ukurasa huo na neno hilohilo la utafutaji. Kama ulipanda kutoka nafasi ya 8 hadi ya 4, kupanda kwenyewe kunaleta mibofyo hata kichwa kisipoguswa. Nafasi ikiwa ileile na CTR ikapanda, hapo nitakubali. Na usilinganishe Desemba na Februari, wasafiri wa sikukuu watakuvurugia hesabu.

Reli_ya_Kati:
Position sikuangalia. Nitaleta.

Asali_Tabora:
Samahani wadau, mimi nauza asali. Nimeandika "Asali ya Tabora [Lita 5]" na bado hawanunui. Nitumie mabano ya duara?

MwangaUjiji:
Ndugu yangu, kununua ni suala la ukurasa wako na bei. Mabano yanamwambia mtu atakachokikuta kabla hajafungua. Anayetaka nusu lita akiona [Lita 5] atapita, kwa hiyo mibofyo inaweza kupungua, lakini wanaobaki ni wateja wako. Usijaze [Mpya] wala [Lazima Usome], hayaelezi chochote.

Binti_Gungu:
Na namba? "Gesti 7 karibu na stesheni ya Kigoma" si inavuta?

MwangaUjiji:
Inavuta, maana huyo anachagua. Ila gesti ziwe 7 kweli, siyo 4 na matangazo matatu. Anayeuliza treni inaondoka saa ngapi anataka saa ya kuondoka tu, "Mambo 9 kuhusu ratiba" atairuka.

Reli_ya_Kati:
Mwaka ukae mwanzo wa kichwa au mwisho?

Binti_Gungu:
Mwisho.

Asali_Tabora:
Mwisho si ndiko kunakokatwa?