Msaada: nimwandikieje mwalimu wa fizikia kuhusu maksi nilizokatwa?

Kijana_wa_PCM: Wakuu, naombeni ushauri. Mpira umerushwa juu kwa 15 m/s kutoka juu ya ghorofa la mita 20, g ni 10, unafika chini baada ya muda gani? Nimepata sekunde 4, na ndilo jibu, lakini nimepewa 1 kati ya 5. Barua nimeshaianza: "Mwalimu, shikamoo. Jibu langu ni sahihi ila sikutendewa haki." Nakala kwa mwalimu wa taaluma. Nirekebishe wapi?

Mama_Wawili: Nakala iondoe, mwanangu. Binti yangu alipeleka malalamiko taaluma kabla hajamuuliza mwalimu wake wa kemia, wakanuniana mpaka muhula ukaisha.

Fundi_Redio: Tatizo ni g. Ukiweka 9.8 unapata 4.07.

Mwl_Mstaafu: Swali limetoa 10, kwa hiyo si hilo. Kijana, weka mistari yako yote hapa. Jibu peke yake halitusaidii.

Kijana_wa_PCM: Jibu si lipo lakini?

Mwl_Mstaafu: Mistari.

Kijana_wa_PCM: Sawa. 20 = 15t + 5t². Ikatoka t = 1 au t = -4. Sekunde 1 haiwezekani, maana kupanda tu ni sekunde 1.5. Na muda hauwi hasi, nikaondoa alama ya kutoa, nikaandika 4.

Mzee_wa_Chai: Hii chai! Ukosee ishara, ufute alama, halafu uangukie jibu lenyewe? Namba zimepangwa hizi.

Mwl_Mstaafu: Hazijapangwa. Huo mlinganyo wake ni wa mpira uliotupwa chini, nao kweli ungefika kwa sekunde 1. Wa mpira uliorushwa juu ni -20 = 15t - 5t², unaotoa 4 au -1. Sasa kwenye ule wa kwanza weka -t kila penye t: unapata huu wa pili. Kwa hiyo ukifuta alama utaangukia jibu sahihi kila mara, hata ghorofa likiwa la mita 50.

Kijana_wa_PCM: Basi njia yangu ni sahihi! Nastahili zote 5.

Mwl_Mstaafu: Hoja hiyo uliiandika kwenye karatasi? Kama hukuiandika, msahihishaji ameona ishara mbaya na alama iliyofutwa bila sababu. Ningekupa hiyo 1 ya kanuni, labda na ya kutatua mlinganyo; hapo walimu hatufanani. Andika hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kwenye swali la mpira niliandika 20 = 15t + 5t², kisha nikachukua 4 badala ya -4. Naomba unielekeze maksi zilipotea kwenye mstari upi, na kama ile ya kutatua mlinganyo ilihesabiwa."

Fundi_Redio: Mimi bado nasema 9.8.

Kijana_wa_PCM: Nashukuru, mwalimu. Nitaandika hivyo, ila na ile hoja ya -t naiweka.

Mama_Wawili: Na nakala?

Kijana_wa_PCM: Nasubiri kwanza atajibu nini.