Tupeane uzoefu: mchezo wa kuvua samaki unaowaonea wenye simu nzito

Kokwa: Ninaomba waliowahi kutengeneza michezo ya kulenga wakati waeleze walivyotatua jambo hili. Katika mchezo wangu kishale hupita juu ya mstari wenye pikseli 300, na mchezaji hugusa skrini kinapokuwa kwenye ukanda wa kijani, kati ya 242 na 254, kabla samaki hajaponyoka baada ya sekunde 2. Kwenye simu yangu samaki hunaswa, ilhali ndugu yangu mwenye simu ya zamani hajanasa hata mmoja.

Mwanamizi: Hata mimi nilisumbuka hivyo, nikahamia mtandao mwingine wenye kasi na mambo yakatengemaa.

Kokwa: Ahsante, ila mchezo huu hauhitaji intaneti.

Bi Nuru: Bila shaka unakisogeza kishale pikseli 5 kwa kila fremu, huku saa ya samaki ikihesabu sekunde halisi. Simu inayochora fremu 60 kwa sekunde hukifikisha ukandani kabla sekunde moja haijatimia, lakini inayochora fremu 20 hukisogeza pikseli 100 tu kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 2 zinapokwisha kiko kwenye 200 na samaki amekwenda zake. Mimi niliwahi kuiondoa saa hiyo: wenye simu nzito wakavua kwa raha, malalamiko yakahamia kwa wenye skrini za fremu 120, ambao kishale kiliwakimbia maradufu.

Jahazi: Dawa ni mstari mmoja tu, yaani kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Tangu niuweke sijasikia lalamiko.

```
x = x + 300 * dt
```

Bi Nuru: Hiyo ni nusu ya dawa. Kwa fremu 20, `dt` ni 0.05 na kila hatua ni pikseli 15; kishale huchorwa kwenye 240, kisha 255, na ukanda wote umerukwa. Kwa kuwa mchezo wangu ulikuwa wa kivinjari, nilichukua wakati wa mguso kutoka `event.timeStamp`, nikakokotoa mahali kishale kilipopaswa kuwa wakati huo, bila kujali kilichorwa wapi mara ya mwisho.

Msumari: Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, Bi Nuru. Mchezaji hufuata anachokiona, na picha ya fremu 20 hukaa milisekunde 50 kabla ya kubadilika, ilhali kishale huuvuka ukanda huo kwa milisekunde 40. Hesabu yako ni sahihi, lakini humhukumu mtu kwa kitu ambacho hakuonyeshwa. Mimi niliupanua ukanda kwa urefu wa hatua moja ya kishale.

Bi Nuru: Kwa anayecheza peke yake nakubali. Penye jedwali la washindi, mwenye simu ya kasi atauliza kwa nini wake ni mwembamba.

Kokwa: Nimeichapisha `dt` kwenye simu ya ndugu yangu, nayo inarukaruka kati ya 0.04 na 0.07 katika mvuo mmoja. Msumari, ukanda wako huupanua kwa hatua ipi: ya fremu iliyopita, au wastani wa kadhaa?