Tupeane uzoefu: uliwahi kuingia kwenye trendi watu wakakupenda ila hawakujua unauza nini?

mama_cherehani
Habari za jioni wadau. Mimi nashona yunifomu za shule hapa Temeke na neno langu tangu naanza ni moja tu, mshono haufumuki. Napiga ovaloki halafu narudia mshono juu yake, na sketi ikifumuka ndani ya mwaka unarudisha naitengeneza bure. Sasa Novemba ile kulikuwa na saundi inavuma Tiktok, ile inayoanza taratibu halafu biti inadondoka mtu kashabadilika nguo, binti yangu akasema mama tuingie na sisi. Tukaingia. Naanza na dera, biti ikidondoka niko ndani ya gauni la sherehe nililoazima kwa jirani (wala sijalishona mimi) nacheza mbele ya cherehani. Imeangaliwa mara 140,000 jamani, siku nne simu haipumui. Naingia kwenye komenti sasa, "mama anajua", "wimbo unaitwaje", "hilo dera umelitoa wapi". DERA! Aliyeuliza sare ni mmoja tu na yeye alikuwa Mwanza anataka za kwaya. Januari imefika wateja ni walewale wa kila mwaka. Yamewahi kuwakuta au ni mimi tu?

Bosi_Mdogo
Kosa lako ni akaunti ya biashara dada, Tiktok wanaibana ili ulipie matangazo. Rudisha iwe ya kawaida saundi zote zinafunguka na wateja wanakuja, mimi nilifanya hivyo kwenye viatu

sijui_kucheza
Mimi nina swali, brandi yangu nimeshaisajili BRELA, mtu akichukua sauti ya video yangu akatumia naweza kumdai?

fundi_kontenti
@sijui_kucheza hiyo fungulia mada yake mkuu, BRELA ni jina la biashara, mambo ya hakimiliki ya sauti ulizia COSOTA.

@mama_cherehani kucheza hakuna shida dada. Naendesha kurasa za maduka matatu na hili naliona kila wiki. Trendi ya namna hiyo watu hawaangalii mwanzo, wanasubiri ile sekunde biti inadondoka, hapo ndipo macho yote yapo. Wewe hapo uliweka gauni la jirani, kwahiyo 140,000 wameangalia gauni la jirani. Ungeweka kitu kinachosema mshono haufumuki ungekuwa unaongea kitu kingine leo. Mimi kabla sijaposti nazima sauti, nafunika jina la akaunti kwa kidole, namwonyesha dogo yeyote asiyetujua namuuliza hawa wanauza nini. Akisema "sijui, wanacheza" inabaki kwenye simu.

@Bosi_Mdogo wewe upo sahihi nusu. Kweli akaunti ya biashara inakupa maktaba yao ya nyimbo za biashara tu, nyimbo nyingi zinazovuma humo hazimo. Ila ukihamia ya kawaida ukaendelea kutangaza bidhaa, ule wimbo bado hauna ruhusa ya matangazo, na wenyewe wanataka uwashe kile kitufe cha "Your brand" ukiwa unajitangaza, ukikiwasha unarudi kwenye maktaba ileile. Nina duka moja video yao ilinyamazishwa ikiwa inakimbia vizuri kabisa, na ilikuwa ya kwenda na biti, bila sauti ni watu wanarukaruka tu kama wamemwagiwa maji.

Bosi_Mdogo
Mbona yangu hawajainyamazisha mwaka wa pili huu

fundi_kontenti
Sijasema wanakamata kila mtu. Nasema siku ikiwa yako usishangae.

seremala_coast
Wasee mimi niko Mombasa natengeneza majeneza. Cheka tu, wengi hucheka. Kijana wangu wa karakana alichukua ile saundi ya mtu akicheka mpaka anakosa pumzi, akajirekodi akipiga msasa, kapsheni "kazi ni kazi". Ilipendwa sana. Kumbe nyuma yake kulikuwa na jeneza la mzee mmoja, familia ililipa deposit na ilikuwa ichukuliwe kesho yake. Binti ya marehemu akaiona. Alinipigia hata hakunigombeza, aliniuliza tu "baba yetu ndiye anachekwa?" Nilitoa ile video hapo hapo nikawarudishia pesa ya usafiri lakini wapi, shemeji yao aliagiza kwingine mwezi uliofuata. Saa hii kwangu hakuna saundi ya mtu, ni randa na msasa peke yake. Kuna trendi zingine mtu waziangalia tu zikipita.

mama_cherehani
@seremala_coast pole sana kaka, hiyo imenigusa.

@fundi_kontenti maneno yako niliyafanyia kazi nalala nayo wiki nzima. Nikawaza ile trendi watu wanatoka kubaya wanaenda kuzuri, mimi nikaigeuza. Nilimwomba mama mmoja mteja wangu aniazime sketi ya mwanae wa darasa la 4 niliyomshonea Januari ya mwaka jana, imeshavaliwa mwaka mzima. Video inaanza na sketi mpya imenyooshwa pasi, biti ikidondoka inakuja ileile ya mtoto, imepauka, ina doa la wino mfukoni, pindo limeliwa na baiskeli, halafu naushika mshono wa ubavuni kwa mikono miwili nauvuta kwa nguvu zangu zote. Haukutoka hata uzi. Maandishi niliweka kuanzia sekunde ya kwanza, "Sketi hii ina mwaka mzima". Mara ya kwanza saundi ilikuwa juu sana ukivuta husikii kitu, binti akaingia kwenye "Volume" akashusha "Added sound" akapandisha ya kwetu, ukisikiliza unasikia kitambaa kinalia krrr. Imeangaliwa mara 6,200 tu. Ila inboksi nilipata 31 na 9 wameshaleta vipimo. Na saundi nilichukua ya humohumo kwenye zile za biashara, inafanana fanana na ile.

fundi_kontenti
Hiyo ndiyo yenyewe. Mwaka umepita ndani ya biti moja, na mtu akizima sauti bado anaelewa. Kitu kingine, kirekodi hicho kipande cha kuvuta mshono mara tano sita kwa sketi tofauti ukiweke akiba. Saundi hazikai, ukishaiona mpaka stetasi ya wasapu ya shangazi yako imeshazeeka, sasa ukisubiri kutafuta sketi na jua zuri unakuta watu wamehama. Ukiwa na kipande mkononi unakichomeka jioni hiyohiyo.

Bosi_Mdogo
Sawa lakini ile ya 140,000 ibandike juu kabisa ya ukurasa, watu wakija waone we ni mkubwa

neema_keki
Mimi ningeifuta kwakweli. Nilipata wafuasi 3,000 kwa video ya kudensi na keki kichwani, kila nikiposti keki za watu wanapita tu hata laiki hawaachi, walikuja kuangalia itadondoka lini. Nahisi wananivuta chini.

fundi_kontenti
Kuifuta mimi sikubali, kuibandika juu pia sikubali haha. Iache ilipo, juu bandika ya sketi. Ila hao wafuasi wa @neema_keki ni swali gumu, nina duka moja lina shida hiyohiyo na sijaipatia dawa.

mama_cherehani
Binti kasema tukiifuta anahama nyumba 😂 basi ibaki.

baba_wawili_mbagala
Nimesoma yote mpaka chini. Dada sketi ya darasa la 3 bei gani, na lile dera kweli ulilitoa wapi, wife anauliza