Naomba ushauri: kuondoa ukimya katika mahojiano bila kumeza maneno

Ndugu zangu, ninahariri mahojiano ya mama mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, ambaye ameketi mbele ya kamera moja na kuzungumza kwa utulivu, akivuta pumzi ndefu kila anapohama kutoka hoja moja kwenda nyingine. Video ni ya fremu 25 kwa sekunde, hivyo kila fremu ni milisekunde 40.

Nilipoiachia programu ya kuhariri ikate yenyewe na kuacha fremu 4 tu kati ya kila sentensi na inayofuata, ukimya uliisha, lakini mama alisikika kama anayekimbizwa. Kibaya zaidi, miisho ya maneno ilimezwa, kwa kuwa mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya mwisho hutoka kwa sauti ndogo ambayo programu huihesabu kuwa kimya. "Samaki" likabaki "samak". Sasa ninakata kwa mkono, nikiacha fremu 6 hivi baada ya irabu kuzimika kabisa, na karibu 15 anapoanza hoja mpya. Pumzi ninaiacha nzima au ninaiondoa yote, maana ikikatwa katikati inakera sikio.

Linalonisumbua ni upepo wa ziwa, ambao hubadilika ghafla kwenye kila mkato. Je, nitandaze sauti tupu ya mahali pale chini ya mazungumzo yote, au kufifisha sauti kwa fremu 2 kila upande wa mkato kunatosha? Na ninapoficha mkato kwa picha ya mizani, sentensi inayofuata ianze kusikika fremu ngapi kabla sura ya mama haijarudi?